Fundisho Moja, Milango Mitatu: Kuhubiri kwa Vijana, Wazee na Wageni wa Kanazi

Desemba inapofika, sura ya ibada Kanazi hubadilika. Waliokwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi kula sikukuu kwa wazazi. Kwenye mabenchi ya mbele wamo wazee waliojifunza katekisimu kwa Kihaya. Nyuma wamejaa vijana, baadhi wakitamani kuondoka na wengine wakiwa wamerudi juzi. Katikati wapo wageni: wakwe, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa wilayani, jirani Mkatoliki aliyemsindikiza ndugu yake kwenye ubatizo. Wewe mhubiri una andiko moja na dakika ishirini.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako, uwe mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa aliyepangiwa zamu. Nimechagua andiko moja tu, mfano wa baba na wana wawili katika Luka 15:11–32, ili tuone kazi yenyewe inavyofanyika tangu mwanzo hadi mwisho. Nimelichagua kwa sababu kila mtu Kanazi anadhani analijua, na kwa sababu huku kwetu, penye vibanja, ukoo na watoto walio mbali, ni rahisi sana kulihubiri mara tatu likatoa mafundisho matatu yasiyofanana.

Kwanza, andika fundisho kwa sentensi moja

Kabla hujafikiria nani atakaa wapi, soma andiko mara kadhaa, ukianzia aya ya kwanza ya sura. Hapo Luka anatueleza kwa nini mfano huu ulitolewa: Mafarisayo na waandishi walikuwa wananung'unika kwamba Yesu anawapokea wenye dhambi na kula nao. Mfano ni jibu kwa manung'uniko hayo. Mhubiri anayeruka aya hizo mbili za mwanzo huishia kuhubiri habari za mtoto mpotevu, wakati Yesu alikuwa anasema na watu waliokuwa wanajiona wako nyumbani.

Kisha andika sentensi moja kwa mkono wako. Mimi ningeandika hivi: *Baba anampokea mwana aliyerudi kama mwana kabla hajalipa chochote, na anatoka nje kumwita na yule aliyebaki nyumbani aingie katika furaha hiyohiyo.*

Iangalie sentensi hiyo inamhusu nani. Anayetenda ni baba: anapokea, anatoka, anaita. Kama sentensi yako imeanza na "vijana wanapaswa" au "wazazi tujifunze", bado hujafika kwenye fundisho. Umeshika matokeo yake tu, na matokeo hutofautiana kwa kila kundi. Hapo ndipo mahubiri yanapopasuka: vijana wanaambiwa wasiponde mali mjini, wazee wanaambiwa wasamehe watoto wao, wageni wanaambiwa wajiunge na usharika. Yote matatu yanaweza kuwa maneno mema. Lakini baba ametoweka katika yote matatu, na waliosikia hawakusikia jambo moja.

Pili, panga yasiyoguswa na yanayoweza kubadilika

Chini ya ile sentensi, orodhesha matukio ya andiko ambayo ukiondoa hata moja fundisho linakuwa jingine. Katika mfano huu mimi naona manne.

La kwanza, baba anamkimbilia mwana akiwa bado yuko mbali, kabla hajafungua kinywa. La pili, mwana alikuwa ametunga hotuba ya kuomba awekwe miongoni mwa vibarua, lakini akiwa mbele ya baba hafiki kwenye ombi hilo. Baba anaanza kuagiza vazi, pete, viatu na ndama. La tatu, baba anatoka nje mara ya pili kwa ajili ya mwana mkubwa, na anamsihi. La nne, hadithi inakoma bila kutuambia kama mkubwa aliingia.

Hayo hayaguswi, awe anasikiliza nani. Yanayoweza kubadilika ni matano: mahali unapoingilia hadithi, mfano wa maisha unaoutumia, lugha, urefu, na swali unalomwachia msikilizaji. Fikiria nyumba moja yenye milango mitatu. Kila mtu aingie kwa mlango ulio karibu naye, lakini wote wakutane ukumbini kwa baba.

Wala si ujanja wa siku hizi. Papa Gregori Mkuu, katika kitabu chake cha uchungaji alichoandika karibu mwaka 590, alitumia sehemu nzima ya tatu kueleza jinsi ya kuwaonya vijana tofauti na wazee, maskini tofauti na matajiri, wenye huzuni tofauti na wenye furaha. Matendo ya Mitume inaonyesha jambo hilohilo kwa Paulo. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, sura ya 13, alianza na historia ya Israeli. Athene, sura ya 17, alianza na madhabahu aliyoiona mjini. Kote kuwili alifika kwenye ufufuo wa Yesu, na Athene baadhi walimdhihaki kwa ajili ya huo ufufuo. Angeweza kuuacha ili apendwe na wageni wake. Alibadilisha mlango, ukumbi akauacha ulivyo.

Mlango wa vijana: hotuba ambayo haikufika mwisho

Ukikutana na vijana katika kipindi chao cha katikati ya wiki, usianzie kwenye kuponda mali. Wanaijua hotuba hiyo kabla hujaianza, na masikio yatafungwa. Anzia kwenye aya ya 17 hadi ya 19, pale kijana anapokaa peke yake akipanga maneno ya kumwambia baba.

Vijana wa Kanazi wanaijua hali hiyo. Kijana amebeti kwa simu, mkeka umechanika, na fedha zilikuwa za kahawa ya baba. Mwingine amechukua mkopo wa kausha damu kununua pikipiki, na pikipiki imechukuliwa. Hawarudi nyumbani kwa sababu hawana cha kurudi nacho. Wanapanga: nikipata kwanza nikalipa, ndipo nitaonekana. Hesabu ya mwana mdogo ilikuwa hiyohiyo. Alitaka kurudi kwa mkataba wa kibarua, afanye kazi apate mshahara, asibaki na deni la shukrani kwa mtu.

Kutoka hapo unaweza kuwaambia kwa maneno kama haya:

"Sikilizeni. Huyu kijana alikuwa na mpango mzuri wa kujilipia. Alipofika, baba hakuusubiri mpango huo. Kabla sentensi ya kibarua haijatamkwa, vazi lilikuwa limeshaagizwa. Baba hakusema deni halikuwepo. Lilikuwepo, na mali ilikuwa imekwisha kweli. Lakini baba hakulifanya deni kuwa mlango wa kuingilia. Ndivyo Mungu anavyompokea anayerudi: anampokea kama mwana kwanza. Na kama wewe ndiye uliyebaki nyumbani ukilima shamba huku ndugu yako akitamba mjini, baba huyohuyo anatoka nje kukuita na wewe."

Usiiache sentensi hiyo ya mwisho. Si kila kijana ni mwana mdogo. Wapo waliobaki Kanazi wakiwauguza wazazi, na wao wanamsikia mhubiri akiwasifu waliorudi huku hakuna anayewataja wao. Mwana mkubwa naye yuko kwenye kundi la vijana.

Kumbuka pia wasichana. Mfano huu ni wa wana wa kiume na mgawanyo wa mali, na katika desturi za Wahaya binti hakuhesabiwa kama kaka zake katika ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi, kwamba sheria ya kimila isimnyime mwanamke haki ambayo mwanamume anayo. Lakini moyoni mwa binti anayekusikiliza, neno "sehemu yangu ya urithi" bado linaweza kusikika kama habari ya watu wengine. Kwa hiyo usimwingize kwa mlango wa urithi. Mwingize kwa mlango wa ile hotuba ya kibarua, kwa maana hofu ya kurudi nyumbani ukiwa huna cha kujitetea inamfikia yeye sawasawa na kaka yake. Na angalia usimfanye mwana mpotevu binti aliyepata mimba kwa kudhulumiwa. Huyo hakuponda mali ya mtu.

Kwa vijana dakika kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha, kisha wape swali wajadili. Swali liwe juu ya baba: "Ni maneno gani ambayo mwana alipanga kuyasema na hayakusemwa, na kwa nini baba hakuyangoja?" Swali kama "Je, wewe unaponda mali?" litaleta kimya au uongo.

Mlango wa wazee: mtu aliyesimama nje

Ukihubiri kwenye jumuiya yenye wazee wengi, au ukaenda kumhubiria mzee nyumbani asiyeweza tena kutembea hadi kanisani, kosa la kwanza linalokungoja ni kumweka mzee kwenye nafasi ya baba wa mfano. Linavutia, maana ana watoto na ana mvi. Lakini ukifanya hivyo umemwambia awe kama Mungu, asamehe kama Mungu, halafu umeondoka. Yeye mwenyewe hujampa habari njema yoyote. Katika mfano huu mzee naye ni mwana, na mara nyingi ni mwana mkubwa: amekaa nyumbani, ametoa sadaka miaka yote, amejenga kanisa kwa mikono yake.

Kwa hiyo anzia aya ya 25, mkubwa akitoka shambani na kusikia ngoma. Wazee watakwenda na wewe haraka, kwa sababu watakiona kitu ambacho vijana hawakioni. Aya ya 12 inasema baba aligawa mali kwa wote wawili. Kilichobaki nyumbani ni cha mkubwa, na aya ya 31 inathibitisha hivyo. Anayejua nafasi ya *musika*, mrithi mkuu, ataelewa mara moja: yule ndama wa karamu anatoka kwenye fungu la mkubwa. Hasira yake ina hesabu ndani yake. Mheshimu kwa kuisema hesabu hiyo wazi, ndipo uonyeshe kwamba baba hakumkaripia. Alitoka nje, akamsihi, akamwita mtoto wake.

Hapa pana mpaka ambao lazima uutamke. Andiko halisemi kwamba mwana mdogo aligawiwa mali mara ya pili. Alipokelewa kama mwana, lakini fungu lake lilikuwa limekwisha kutumika. Usipolisema hili, wiki ijayo kijana aliyekwisha kuuza sehemu yake ya kibanja anaweza kumwendea baba yake na kudai kipande kingine kwa jina la mahubiri yako. Kupokelewa na kugawiwa ni mambo mawili, na ugomvi wa mipaka ya kibanja una baraza lake la ukoo na la ardhi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata wazazi wengi wa Bukoba na Muleba waliwaona watoto wao wakirudi kutoka mijini wakiwa wagonjwa, wakawazika kwenye vibanja, kisha wakalea wajukuu. Bibi aliye mbele yako leo huenda ni mmoja wao. Akisikia baba wa mfano akisema mwanawe alikuwa amekufa na sasa yu hai, anajua wa kwake alirudi hai kisha akafa. Ukipita hapo kwa shangwe, umemwacha nje ya nyumba. Ukidokeza kwamba mwanawe alivuna alichopanda, umesema jambo ambalo baba wa mfano hakulisema kabisa.

Unaweza kusema naye hivi, kwa Kihaya kama unakiweza, polepole:

"Mama, waitu, miaka ile watoto waliporudi wakiwa hawana nguvu, hamkuwauliza wamebaki na shilingi ngapi. Mliwapokea, mkawapikia, mkawaosha. Mliwapokea kabla hawajalipa kitu, na wengi hawakuweza kulipa kamwe. Huyo baba aliyekimbia njiani ndiye Mungu wetu. Nanyi ambao mmebeba kazi ya nyumba hii miaka yote, pengine kwa uchungu ambao hakuna aliyeuuliza, anatoka nje kuwaita pia. Hamuitwi mkaongeze kazi. Mnaitwa mwingie."

Sentensi yako ya awali imo humo yote. Hakuna kilichopunguzwa, na hakuna ahadi ambayo andiko halikuitoa.

Mwangalie pia mhubiri mwenyewe. Paulo anamshauri Timotheo, katika 1 Timotheo 5, amwonye mzee kama baba na mwanamke mzee kama mama. Kijana anayehubiria wazee asitumie kauli ya amri. Kaa chini kama wamekaa, uso wako uonekane kwa wasiosikia vizuri, soma andiko zima kwa sauti bila haraka, na maliza ndani ya dakika kumi. Wimbo wa kufunga uwe ule wanaoujua kwa kichwa, maana wengine hawaoni tena maandishi ya kitabu.

Mlango wa wageni: hadithi nzima, bila lugha ya ndani

Mgeni wa Kanazi si mtu mmoja. Yupo mtoto wa nyumbani aliyerudi kwa sikukuu, yupo mtu wa dini au dhehebu jingine aliyekuja msibani, na yupo aliyehamia kikazi. Kila mmoja anaweza kuumizwa na andiko hili kwa namna yake.

Aliyerudi kwa sikukuu ndiye aliye hatarini zaidi. Ukiwasimamisha wageni wajitambulishe, wakataja wanatoka Dar es Salaam, kisha dakika kumi baadaye ukahubiri juu ya mwana aliyekwenda nchi ya mbali, umewavalisha nguo ya mpotevu mbele ya wazazi wao. Hukuwataja, lakini kila mtu amewatazama. Wengi wao ndio wanaolipa karo za wadogo zao na kuezeka nyumba za wazazi. Kama andiko la siku ni hili, wakaribishe kwa maneno mafupi wakiwa wameketi, na uiache nchi ya mbali ibaki nchi ya kwenye hadithi. Usiipe jina la mji wowote.

Kwa mgeni asiyeijua Biblia, simulia hadithi yote. Usiseme "kama mnavyojua". Mafarisayo waelezwe kwa sentensi moja: walikuwa watu waliojitahidi sana kushika sheria ya Mungu, na waliona vibaya Yesu kula na waliovunja sheria hiyo. Viatu navyo vielezwe: mtumwa angeweza kutembea pekupeku, lakini mwana wa nyumba huvaa. Maneno kama neema, kuokoka na kuhesabiwa haki usiyatumie mpaka hadithi yenyewe imekwisha kuyaonyesha. Neema ni kile alichokifanya baba pale njiani, na ukilitaja neno hilo baada ya tukio, mgeni atakuwa amekwisha kulielewa.

Msibani kanuni ni moja, nayo ni ngumu: usimfanye marehemu kuwa mwana mpotevu, hata kama kijiji kizima kinajua maisha yake. Hujui alisema nini na Mungu usiku wa mwisho. Mlete baba tu, anayepokea. Na kama chini ya turubai wapo Waislamu, usiifiche ile picha ya Mungu kama baba ili kuwaridhisha, wala usiifanye hoja ya kushindana. Sema waziwazi, "Yesu aliwafundisha wasikilizaji wake kumjua Mungu kwa mfano wa baba huyu." Umesema unachoamini, na jirani yako amebaki na heshima yake.

Mwisho wa mahubiri kwa wageni usiwe tangazo la kujiunga na kwaya au na usharika. Uamsho ulioingia huku kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930 umetuachia mazoea mema ya kushuhudia hadharani, lakini mgeni asidaiwe ushuhuda siku ya kwanza. Mwachie sentensi uliyoiandika mwanzo, na umwambie utakuwa wapi baada ya ibada akitaka kuzungumza.

Wote watatu wakiwa kwenye benchi moja

Jumapili kuu huna nafasi ya kuwatenganisha. Usigawe mahubiri vipande vitatu, "sasa nasema na vijana, sasa nasema na wazee". Kila kundi litalala wakati wa kipande cha wenzake, na wazee watafurahia kipande cha vijana kuliko cha kwao. Andaa mahubiri ya mgeni kuwa msingi, kwa sababu mgeni anahitaji kila kitu kielezwe, na hata mwenyeji wa miaka hamsini hunufaika na hadithi iliyosimuliwa vizuri. Ndani ya msingi huo fungua milango miwili: hotuba ya kibarua kwa vijana, na kusimama nje kwa wazee.

Kwa dakika ishirini ningepanga hivi. Dakika sita za kusimulia hadithi yote, ikiwa na aya mbili za mwanzo wa sura. Dakika moja ya kutamka ile sentensi, taratibu, mara mbili. Dakika tano kwa mwana mdogo na hotuba yake, ukimalizia kwa sentensi hiyohiyo. Dakika sita kwa mwana mkubwa, hesabu yake na baba aliyetoka nje, ukimalizia tena kwa sentensi hiyo. Dakika mbili za mwisho uache mlango wa hadithi wazi kama Luka alivyouacha: hatujui kama mkubwa aliingia. Usimwingize kwa nguvu ili mahubiri yaishe vizuri.

Kama kuna mkalimani wa Kihaya, kila dakika inakuwa mbili. Punguza maneno yako kwa nusu tangu nyumbani, usingoje kupunguza madhabahuni. Tumia sentensi fupi zenye jambo moja. Siku moja kabla, mpe mkalimani sentensi yako kuu, aitafsiri, kisha amwambie mzee mmoja anayezungumza Kihaya kizuri na amwulize ameelewa nini. Mkalimani mwenye bidii huongeza maonyo yake mwenyewe, na mara nyingi huyaongeza palepale baba anapotakiwa kukimbia. Ukiona sentensi yako fupi imekuwa hotuba ya nusu dakika, na vichwa vya vijana vinainama, ujue kimeongezwa kitu.

Askofu Josiah Kibira, aliyeanza kuiongoza dayosisi ya Kilutheri ya huku mwaka 1964, aliandika kitabu kilichotoka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Jambo alilolishughulikia linakuhusu unapohubiri andiko hili. Mhaya aliye benchini hasikilizi kama mtu mmoja tu. Anasikiliza akiwa na baba, kaka na kibanja chake kichwani. Kwa hiyo soma mahubiri yako tena ukijiuliza kila sentensi itafikaje mezani jioni, familia nzima ikiwa imekaa pamoja.

Utajuaje kama fundisho limebaki moja

Jumatatu au Jumanne, waulize watu watatu: kijana mmoja, mzee mmoja, na mgeni mmoja kama bado yupo. Usiulize kama mahubiri yalikuwa mazuri, maana watasema ndiyo. Uliza, "Baba alifanya nini?" Mifano wanayoikumbuka itatofautiana, na inapaswa kutofautiana. Lakini jibu la swali hilo liwe moja: alipokea kabla ya kulipwa, na akatoka kumwita aliyebaki.

Sikiliza pia maneno ya njiani watu wakitoka. Wakisema "leo amewasema vijana" au "leo wazee wamepewa zao", wamesikia nani kasemwa, na baba hawakumwona. Kijana akikujibu kwamba somo lilikuwa kutoponda mali, tatizo liko kwenye mlango wake: ulikaa kwenye kosa muda mrefu kuliko kwenye mapokezi. Mzee akijibu kwamba somo ni kuwavumilia watoto, ulimkalisha kwenye kiti cha baba. Mgeni akijibu kwamba amealikwa kuhamia usharika wenu, ulifunga kwa tangazo. Ukilijua kosa liko kwenye mlango upi, hulazimiki kuandika mahubiri mapya. Rudi kwa kundi hilo katika kipindi kinachofuata, soma aya zilezile, ingia kwa mlango uliorekebishwa, na tamka sentensi ileile uliyoiandika siku ya kwanza bila kubadili neno.